Pilau ya Kwanza kwa Wakwe

Kijana anayetaka kuwapikia wakwe zake watarajiwa kwa mara ya kwanza ana maswali mawili ya kujibu kabla hajaenda sokoni. La kwanza ni nani hasa watakaokula, na wana masharti gani. La pili ni chakula gani kitakachoendelea kuwa kizuri hata wageni wakichelewa. Mapishi yenyewe huja baada ya hapo, na mara nyingi huwa mepesi iwapo maswali hayo yamejibiwa vizuri.

Mfano unaofaa ni wa kijana fundi umeme wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Singida, aliyeposa binti wa familia ya Tanga. Posa ilikuwa imekubaliwa na mahari ilikuwa bado haijapelekwa. Wazazi wa binti walikuwa wanakuja Dar es Salaam kwa shughuli zao, na kijana akataka kuwaalika chakula cha usiku. Kwa kuwa yeye alikuwa amepanga chumba kimoja, mwaliko ulifanyika nyumbani kwa dada yake mkubwa, Temeke. Hilo lilikuwa na adabu zaidi pia, kwani wakwe wanapoitwa kwenye nyumba yenye wakubwa wa kuwapokea hujiona wamealikwa na ukoo mzima.

Kuuliza kabla ya kuchagua

Maswali kuhusu chakula hayaulizwi kwa wakwe moja kwa moja. Mgeni akiulizwa anakula nini, kwa heshima atajibu kwamba anakula chochote, na jibu hilo halimsaidii mpishi. Njia iliyozoeleka ni kumuuliza mchumba au mshenga. Kijana alimuuliza mchumba wake, naye akampa mambo matatu yaliyobadilisha orodha yote: baba ana shinikizo la damu na ameshauriwa apunguze chumvi, mama hali pilipili kabisa, shangazi, aliyekuwa akija nao, ana meno mabovu na hawezi kutafuna nyama ngumu.

Mshenga aliulizwa habari za desturi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwanamume na mama mkwe wake hukaa mbali kwa heshima, na kwa baadhi yao, kama Waganda, desturi ya asili haiwaruhusu hata kugusana. Familia ya Tanga haikuwa na mwiko mkali kiasi hicho, lakini mshenga alieleza kwamba nyumbani kwao wanaume na wanawake wageni hula kwenye sinia tofauti. Mpishi akilijua hilo mapema huandaa vyombo viwili vya kila kitu na kugawa nyama nzuri sawasawa. Asipolijua, hujikuta akigawa chakula mbele ya wageni, huku upande mmoja ukipata mifupa.

Watakaokula walikuwa wanane: baba, mama, shangazi na kaka wa mchumba kwa upande wa wageni, dada, shemeji, mshenga na kijana mwenyewe kwa upande wa wenyeji. Mchumba alibaki na ndugu zake, kama familia yake ilivyopenda.

Kwa nini pilau

Wazo la kwanza la kijana lilikuwa samaki wa kupaka na wali wa nazi. Dada yake alimkatalia kwa sababu mbili. Samaki wa kupaka hutaka kuliwa akitoka motoni; akikaa muda mrefu nyama yake hukauka na tui hujitenga na mafuta. Tena chakula hicho ni cha kila siku kwa watu wa Tanga, na mama mkwe amekipika tangu usichana wake. Mtu wa bara anayejifunza kukuna nazi hawezi kukipika jaribio la kwanza likamridhisha mtu huyo. Biriani nayo iliachwa, kwani ina sufuria mbili, yaani masala upande mmoja na wali upande mwingine, na zote hudai mpishi aziangalie katika saa ileile.

Pilau ya nyama ya ng'ombe ilishinda kwa sababu kazi yake kubwa huisha kabla wageni hawajagonga mlango. Ikiiva na kufunikwa hubaki moto kwa muda mrefu bila kuharibika. Viungo vyake vina harufu kali lakini si lazima viwashe, hivyo mama asiyekula pilipili hula bila wasiwasi, na pilipili hutengwa kwenye kibakuli. Nyama huchemshwa kwanza, kwa hiyo mpishi ndiye anayeamua ilainike kiasi gani. Zaidi ya hayo, pilau ni chakula cha heshima pwani na bara vilevile, na hakuna mkwe atakayeona amepewa chakula cha siku ya kazi. Wala mwanamume kuipika si jambo la ajabu, kwani katika harusi nyingi za pwani masufuria makubwa ya pilau hupikwa na wanaume.

Kununua

Kwa watu wazima wanane, kilo moja na nusu ya mchele hutosha na kubakiza kidogo, na kubakiza ni sehemu ya ukarimu. Nyama ilikuwa kilo moja na nusu pia, yenye mifupa kiasi, kwa sababu mifupa ndiyo inayoipa supu uzito na ladha. Nyama ya mguu au ya bega inafaa. Steki isiyo na mafuta wala mishipa haifai, kwani ikichemshwa muda mrefu hukauka.

Mchele ulikuwa wa Kyela, wenye harufu nzuri. Swali muhimu kwa muuzaji si tu mchele unatoka wapi, bali umekaa muda gani tangu uvunwe. Mchele mpya bado una unyevu, hunyonya maji machache na hushikamana upesi. Uliokaa ghalani miezi kadhaa umekauka, hunyonya maji zaidi na punje zake huachana. Kwa pilau unatafutwa huo wa pili, usio na chenga nyingi, kwa sababu chenga hutoa wanga unaofanya wali ugande.

Viungo vilinunuliwa vizima, si vya unga: vijiko viwili vya chakula vya bizari nyembamba, ambayo wengine huiita jira, vijiko viwili vya chai vya pilipili manga, iliki kumi na mbili, karafuu nane, na vijiti vitatu vya mdalasini vyenye urefu wa kidole. Mnunuzi asiyetaja bizari nyembamba kwa jina lake kamili anaweza kupewa bizari ya manjano au ya mchuzi, na pilau ikageuka chakula kingine. Viungo vya pakiti vilivyochanganywa na chumvi viliachwa kwa ajili ya baba mkwe. Vilivyobaki ni vitunguu maji sita vya kadiri, vichwa viwili vya vitunguu saumu, kipande cha tangawizi, viazi mbatata vidogo vinane, kikombe kimoja cha mafuta, na nyanya, vitunguu, matango na ndimu za kachumbari.

Jaribio la wiki iliyotangulia

Sababu kubwa ya pilau kuharibika mikononi mwa mpishi mgeni ni kipimo cha maji. Kipimo hicho hakiwezi kusomwa mahali na kuaminiwa moja kwa moja, kwa kuwa hutegemea umri wa mchele, kama umelowekwa au la, upana wa sufuria na jinsi mfuniko unavyobana. Ndiyo maana inafaa kujaribu kwanza kwa mchele uleule na sufuria ileile.

Kijana alianza na mazoea ya nyumbani, vikombe viwili vya maji kwa kila kikombe cha mchele. Ulitoka bokoboko, kwa sababu mchele ulikuwa umelowekwa nusu saa na tayari ulikuwa na maji ndani yake. Mara ya pili alipima kikombe kimoja na nusu, na punje zikaachana. Kilo moja na nusu ya mchele ni karibu vikombe saba na nusu vya robo lita, kwa hiyo siku yenyewe alihitaji vikombe kumi na kimoja vya supu na maji kwa pamoja. Hakuongeza zaidi ya hapo, kwani sufuria kubwa hupoteza maji machache kwa mvuke kuliko ndogo ukilinganisha na wingi wa chakula.

Nyama, vitunguu na supu

Wageni walialikwa saa mbili usiku, baada ya sala ya isha. Mpangilio mzuri huhesabiwa kurudi nyuma kutoka saa hiyo: pilau iwe imeiva saa moja na nusu, mchele uingie saa kumi na mbili na nusu, vitunguu vianze kukaangwa kwenye saa kumi na mbili kasorobo, na nyama iwe motoni saa tisa alasiri.

Nyama ilikatwa vipande vya ukubwa wa yai la kuku, ikachemshwa kwa tangawizi, chumvi kidogo na maji ya kuifunika. Supu ikishachemka moto hupunguzwa hadi mapovu yawe machache. Nyama ya mguu na bega ina nyuzi ngumu zinazoshikilia misuli, na nyuzi hizo hulainika polepole. Moto mkali hauziharakishi, bali huikausha nyama. Muda wa kawaida ni kati ya saa moja na saa mbili, kulingana na umri wa ng'ombe. Kipimo ni uma kuzama na kutoka bila kuvuta. Lazima nyama ifikie hapo kabla ya kukutana na mchele, kwa sababu mchele huiva kwa muda mfupi na nyama iliyoingia ngumu itatoka ngumu. Ndiyo maana kijana alianza mapema: nyama ilikuwa laini kwenye saa kumi na moja, ikatolewa, na supu ikapimwa kwa kikombe.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua rangi na ladha. Pilau ya pwani hupata wekundu wake kutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa, na haihitaji rangi ya dukani. Vitunguu hukatwa vyembamba na kwa unene ulio sawa. Visipolingana, vingine huungua wakati vingine bado vyeupe. Katika mafuta ya moto wa wastani kwanza hutoa maji na kulainika, kisha huwa vya dhahabu, kisha hudhurungi. Kutoka dhahabu hadi kuungua ni dakika chache tu, kwa hiyo mpishi hasogei mbali wala haachi kukoroga. Vinapofikia rangi ya ganda la karanga iliyokaangwa, nyama na kikombe cha supu huingizwa mara moja ili kuushusha moto wa mafuta, ambao ungeendelea kuviunguza hata sufuria ikiepuliwa. Vitunguu vikishakuwa vyeusi haviokoleki. Uchungu wake huenea katika supu nzima, wala sukari au viungo haviufichi. Dawa ni kuvimwaga na kuanza upya, na kwa sababu hiyo kijana alinunua vitunguu vya akiba.

Baada ya nyama kukaangwa kidogo humo, kitunguu saumu kilichotwangwa kiliwekwa, kisha viungo. Kitunguu saumu hakitangulii kwa kuwa huungua upesi kuliko kitunguu maji. Nusu ya bizari ilitwangwa na nusu ikaachwa nzima: iliyotwangwa huipa supu nguvu, nzima hutoa harufu kila inapotafunwa. Viazi vilivyomenywa viliingia, ikafuata supu iliyobaki pamoja na maji hadi kutimia vikombe kumi na kimoja.

Supu ikichemka ndio wakati wa kuonja chumvi, kwani baada ya mchele kuingia haiwezekani kuirekebisha ikaenea sawasawa. Kwa kawaida supu ya pilau huachwa iwe na chumvi kidogo zaidi ya supu ya kunywa, maana mchele huinyonya. Kwa ajili ya baba mkwe, kijana aliiacha chini ya kiwango hicho na kuweka kichupa cha chumvi pembeni kwa anayetaka kuongeza.

Mchele na makaa

Mchele uliochaguliwa mawe, kuoshwa na kulowekwa nusu saa ulichujwa vizuri, ukatiwa kwenye supu inayochemka, ukakorogwa mara moja tu na kusawazishwa. Kuanzia hapo mwiko hukaa pembeni. Punje ya mchele inayoiva ni laini. Ikikorogwa huvunjika, hutoa wanga, na wanga huo huzigandisha zilizobaki.

Sufuria huachwa wazi kwa moto wa wastani hadi supu ishuke usawa wa mchele na vishimo vidogo vitokee juu. Hapo moto wa chini hupunguzwa sana, mfuniko unaobana huwekwa, na makaa machache huwekwa juu ya mfuniko. Makaa ya juu hukausha unyevu wa juu huku moto wa chini ukimalizia kuivisha, na pilau huiva sawa pande zote. Anayetumia gesi huweka bati zito kati ya moto na sufuria ili joto lisambae, kisha hubana mfuniko kwa kitambaa safi, akihakikisha ncha zake zimefungwa juu mbali na moto. Jiko la mkaa liwe nje au kwenye baraza iliyo wazi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa huua.

Dakika ishirini na tano hivi zikipita, punje chache huonjwa kutoka katikati. Zikiwa na kiini kigumu na sufuria imekauka, hunyunyiziwa maji ya moto kidogo na kufunikwa tena. Zikiwa zimeiva lakini bado kuna unyevu, mfuniko hufunuliwa kwa muda mfupi ili mvuke utoke, kisha makaa ya juu huongezwa na ya chini huondolewa. Harufu ya kuungua ikisikika, sufuria huepuliwa papo hapo na pilau ya juu huhamishwa kwenye chombo kingine bila kukwangua chini, maana anayekwangua ndiye anayeeneza ladha ya moshi. Kama hakuna tatizo lolote, pilau hupumzishwa dakika kumi bila kufunuliwa, kisha hugeuzwa kwa upole kutoka pembeni.

Wageni wanapochelewa

Wageni wa Temeke walikwama kwenye foleni na kufika saa tatu. Pilau ilikuwa imewekwa kwenye hotpoti tangu saa moja na nusu, na hotpoti yenyewe ilikuwa imepashwa kwanza kwa maji yaliyochemka. Kuihifadhi hivyo ni suala la afya pia. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa uvuguvugu kwa saa nyingi huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Wali hukaa ama katika joto la zaidi ya nyuzi 60 za selsiasi, ama kwenye jokofu; hauachwi kwenye sufuria mezani hadi asubuhi. Kachumbari ilikuwa imekatwa, lakini ndimu na chumvi vilitiwa wageni walipokwisha kukaa, kwa sababu chumvi huvuta maji ya nyanya na matango na kuyafanya yaelee.

Kupakua

Baada ya salamu, kijana aliwapitishia wageni maji ya kunawa, akianza na baba na kufuata umri. Masinia mawili yalipakuliwa ndani, si mbele ya watu, kila moja likiwa na vipande vya nyama vilivyohesabiwa na viazi vyake. Vile vilivyolainika zaidi viliwekwa upande aliokaa shangazi. Kijiti cha mdalasini na karafuu zilizoonekana ziliondolewa.

Mpishi hajitangazi. Ni dada yake aliyesema, wakati wageni wakinawa mikono baada ya kula, kwamba chakula chote kilipikwa na mdogo wake. Mama mkwe aliuliza nyama ilichemshwa muda gani, swali ambalo mpishi humuuliza mpishi mwenzake. Kijana akajibu, "Tangu saa tisa, mama, kwa moto mdogo." Baba aliomba ukoko, na ukaletwa kwenye kisahani.

Kijana mwingine anaweza kuchagua chakula kingine, kulingana na ukoo anaoupikia. Kipimo cha kuchagua ni kilekile: chakula kiheshimu masharti ya kila mlaji, kiwe kimeshajaribiwa kwa vyombo vilevile, na kazi yake kubwa iishe kabla wageni hawajafika, ili mpishi awe sebuleni kuwapokea na si jikoni akihangaika na moto. Kwa familia ya Tanga iliyokuja Temeke usiku, yenye mzee wa shinikizo la damu, mama asiyekula pilipili na shangazi asiyetafuna, pilau ya nyama iliyochemshwa polepole ilikuwa chaguo sahihi.